Dhamira Isiyo na Msemaji: Kumbukumbu za Kuhakiki Uchambuzi wa Mahojiano ya Misunkumilo

Katika utafiti wa kimaelezo, yaani utafiti unaotafuta maana ya mambo kwa kusikiliza maneno ya watu badala ya kuhesabu majibu yao, kila dai linaloandikwa katika ripoti linatakiwa kuwa na mtu aliyelisema, na maneno ya mtu huyo yapatikane katika nakala za mahojiano pindi msomaji atakapotaka kuyaona. Kati ya maneno ya mhojiwa na sentensi ya ripoti zipo ngazi mbili. Ya kwanza ni msimbo, yaani jina fupi ambalo mchambuzi hukipa kipande cha maneno ili vipande vinavyohusu jambo moja viweze kukusanywa pamoja. Ya pili ni dhamira, yaani wazo pana linalounganisha misimbo kadhaa na kueleza jambo fulani kuhusu watu waliohojiwa. Orodha ya misimbo, pamoja na fasili zake na kanuni za kuitumia, huitwa mwongozo wa usimbaji, na maelezo yanayofupisha kila dhamira kwa ajili ya ripoti huitwa muhtasari wa dhamira. Mhakiki ni mtu anayekabidhiwa mwongozo huo, muhtasari na nakala za mahojiano, kisha akaulizwa swali moja: je, kila dhamira ina maneno yanayoibeba?

Kumbukumbu zinazosimuliwa hapa zinahusu uhakiki wa namna hiyo, uliofanywa juu ya mahojiano kuhusu sababu zinazowafanya wajawazito wa kata ya Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kuchelewa kuanza kliniki. Kwa kuwa maneno halisi ya wahojiwa hutolewa kwa ahadi ya siri, nukuu na hesabu zote zinazoonyeshwa hapa zimetungwa upya kwa kufuata sura ya zile zilizohakikiwa, na kwa hiyo hazipaswi kuchukuliwa kuwa takwimu za kata hiyo. Kinachobaki kuwa cha kweli ni aina ya makosa, mahali yalipojificha, na njia iliyotumika kuyafichua.

Sababu ya kuanza na Katavi ni kwamba mkoa huu hufikiwa na watafiti ambao tayari wameusoma kabla ya kuuona. Mkoa ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na miaka michache baadaye utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote nchini. Utafiti wa 2022 ulikuta kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 34, lakini sifa ya mkoa haikushuka kwa kasi ileile, na mtafiti anayepanda basi au treni ya tawi la Kaliua kuelekea Mpanda mara nyingi hubeba mkobani maelezo yaliyo tayari: kwamba huko mbali magharibi tatizo ni mila. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli mahali fulani na kwa watu fulani. Hatari yake ni kwamba yanaweza kuingia katika ripoti bila mhojiwa hata mmoja kuyatamka.

Kuanzia chini

Wahakiki wengi huanza na muhtasari, wakasoma dhamira ya kwanza, kisha wakatafuta nukuu zinazoiunga mkono. Njia hiyo ina kasoro iliyo wazi kwa kila aliyewahi kuijaribu, kwa sababu macho yaliyokwisha kusoma jina la dhamira huliona jina hilo katika kila nukuu yenye uhusiano nalo, hata ule wa mbali. Njia iliyotumika kwa mahojiano ya Misunkumilo ilikuwa ya kinyume. Vipande vyote vya maneno vilivyowekwa chini ya dhamira moja vilitolewa katika programu ya uchambuzi, vikachapishwa bila jina la dhamira wala majina ya misimbo, na kila kipande kikapewa alama ya aliyekisema, kama vile mama, muuguzi au mhojaji. Mhakiki alivisoma vipande hivyo na kuandika pembeni, kwa maneno yake, jambo ambalo kila kimoja kinasema. Baada ya hapo ndipo muhtasari ulipofunguliwa na yale yaliyoandikwa pembeni yakalinganishwa na yale yaliyodaiwa.

Kazi hii huhitaji kuchapisha kipande pamoja na maneno yanayokitangulia na yanayokifuata, angalau swali la mhojaji na jibu linalofuata. Programu kama NVivo huonyesha kwa kila msimbo safu mbili za hesabu, moja ikiitwa `Files`, yaani idadi ya nakala za mahojiano ambamo msimbo umetumika, na nyingine `References`, yaani idadi ya vipande vyote vilivyopewa msimbo huo. Hesabu hizo husaidia kuona jambo moja muhimu, ambalo ni iwapo vipande vingi vinatoka kwa watu wachache, lakini haziwezi kueleza vipande hivyo vinasema nini. Msimbo wenye vipande kumi na vinne katika nakala kumi huonekana kuwa imara kwenye skrini hata kama hakuna kipande kimoja kinacholingana na jina lake.

Dhamira ya mila

Dhamira iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote katika muhtasari iliitwa mila na imani potofu, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba wahojiwa wengi walieleza kuwa mila na imani potofu ndizo kikwazo kikuu cha kuanza kliniki mapema. Wahojiwa walikuwa 20, kati yao akina mama 16 na watoa huduma wanne. Chini ya dhamira hiyo kulikuwa na vipande 14, na chini ya muhtasari kulikuwa na nukuu moja tu, nayo ya muuguzi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililomfanya mhakiki aichague dhamira hii kuwa ya kwanza, kwa sababu dhamira inayodai kuwa wengi wamesema jambo, kisha ikatoa nukuu moja ya mtu asiye miongoni mwa wengi hao, hutoa ishara mapema kwamba nyuma yake pana uhaba.

Vipande vinne vya kwanza vilikuwa na maneno ambayo kwa kweli yalikuwa ya mhojaji. Katika mwongozo wa mahojiano kulikuwa na swali la kuulizia mila, na baadhi ya wahojaji walilitamka kwa namna iliyobeba jibu ndani yake. Mfano ulikuwa hivi:

Mhojaji: Kwa hiyo mama, mila nazo zinachangia watu kuchelewa?
Mhojiwa: Ndiyo, zinachangia.
Mhojaji: Kama zipi?
Mhojiwa: Aa, hizo za zamani. Ila sasa hivi watu wanajua, kila mtu anataka kadi.

Msimbaji alikuwa ameweka alama kwenye mistari miwili ya kwanza na kuiacha miwili ya mwisho. Kikisomwa peke yake, kipande hicho ni ushahidi kwamba mila zinachangia. Kikisomwa chote, ni ushahidi kwamba mama huyu anaziona mila kuwa mambo yaliyopita, na kwamba watu wa sasa wanaitaka kadi ya kliniki. Heshima ya kawaida katika mazungumzo humfanya mwenyeji amkubalie mgeni aliyekuja na daftari kabla ya kumsahihisha, na kwa sababu hiyo neno ndiyo linalofuata swali la namna hii halina uzito wa ushahidi mpaka mhojiwa aongeze kitu cha kwake. Kanuni iliyotumika ilikuwa kwamba kipande ambacho maneno yake ya msingi yametamkwa kwanza na mhojaji hakihesabiwi kuunga mkono dhamira, isipokuwa mhojiwa ametoa mfano, tukio au sababu ambayo mhojaji hakuitaja.

Vipande vinne vilivyofuata vilitoka kwa watoa huduma, na vilipochunguzwa zaidi vilikuwa vya wauguzi wawili tu, kila mmoja akiwa amesema jambo lilelile mara mbili. Mmoja alisema: “Akina mama wa huku bado wana mila, wanaficha mimba mpaka ionekane yenyewe.” Nukuu hiyo ni halali na ina thamani, lakini ni ushahidi wa jinsi muuguzi anavyowaelewa wateja wake, wala haiwezi kuthibitisha kile ambacho wateja wenyewe wanafikiri. Kosa lililofanyika katika muhtasari lilikuwa kuwakusanya wote chini ya neno moja, wahojiwa, na kwa kufanya hivyo kauli ya mtu aliye upande wa meza ya kliniki ikageuka kuwa ungamo la mtu aliye upande wa benchi. Iwapo dhamira ingeandikwa kuwa watoa huduma huhusisha kuchelewa na mila, vipande vinne vya watu wawili vingeitosha kama dai dogo na la wazi.

Vipande vitatu vilikuwa vya akina mama na havikuwa na mila hata kidogo. Kimojawapo kilisema: “Nilimngoja baba watoto atoke shamba, maana ukienda peke yako wanakuuliza mwenzio yuko wapi, na kama huna barua ya mwenyekiti wa mtaa unarudishwa.” Msimbaji alikuwa amekiweka chini ya msimbo wa mfumo dume, yaani utaratibu wa maisha unaompa mwanaume uamuzi juu ya mambo ya mwanamke, na msimbo huo ulikuwa umepangwa chini ya dhamira ya mila. Mhakiki alipoandika pembeni kile ambacho kipande kinasema, aliandika kwamba mama alichelewa kwa sababu ya sharti aliloamini kuwa lipo kliniki. Kumngoja mume kwa sababu hajakupa ruhusa na kumngoja kwa sababu bila yeye hutahudumiwa ni mambo mawili tofauti, na nukuu hii ilizungumzia la pili waziwazi. Jambo lenyewe si geni Tanzania: mwenza huhimizwa kuhudhuria kliniki ya kwanza ili wote wawili wapime virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine, na himizo hilo limeripotiwa katika maeneo mbalimbali ya nchi kuwa limegeuka sharti mlangoni, huku barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji ikitumika kama njia ya kulikwepa.

Vilibaki vipande vitatu, na hivi viliunga mkono kitu cha kweli. Mama mmoja alisema: “Mimba changa huitangazi. Ikitoka, watu watakusema.” Wengine wawili walisema jambo lililo karibu na hilo, kwamba kuonekana kwenye foleni ya kliniki katika miezi ya mwanzo ni sawa na kuwatangazia majirani. Hofu ya kusemwa iwapo mimba itaharibika inaweza kuitwa desturi, lakini kuiita imani potofu ni kuiongezea hukumu ambayo hakuna mhojiwa aliyeitoa. Hivyo dhamira iliyoanza ikiwa na vipande 14 na neno wengi ilifika mwisho wa uhakiki ikiwa na akina mama watatu kati ya 16, na jina linalolingana na maneno yao likawa usiri wa mimba changa.

Kisanduku kitupu

Upungufu wa aina ya pili ulikuwa katika dhamira ambayo haikuwa na nukuu yoyote. Wachambuzi walikuwa wameanza na mfumo wa kinadharia unaofahamika sana katika tafiti za afya ya uzazi, yaani mfumo wa ucheleweshaji wa aina tatu uliotolewa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994, ambao huligawa tatizo katika kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Usimbaji unaoanza na visanduku vilivyotengenezwa kabla ya kusoma mahojiano huitwa usimbaji unaoongozwa na nadharia, nao ni halali kabisa. Shida yake ni kwamba kila kisanduku huonekana kudai kujazwa, na ripoti huandikwa kana kwamba vyote vimejaa.

Kisanduku cha pili, cha kukifikia kituo, kilikuwa na sentensi moja katika muhtasari: umbali na gharama za usafiri ni kikwazo kwa wajawazito wa Misunkumilo. Hakukuwa na kipande hata kimoja cha maneno chini yake. Mhakiki alipomwuliza mtafiti msaidizi sentensi hiyo ilikotoka, kijana huyo alijibu kwa unyoofu: “Mwalimu, umbali huwa upo kila mahali, tukaona tukiuacha itaonekana hatukuuliza.” Jibu hilo linaeleza asili ya dhamira nyingi zisizo na msemaji. Hazitungwi kwa nia ya kudanganya. Huandikwa kwa sababu msomaji anayetarajiwa, awe mfadhili, msimamizi wa chuo au ofisi ya mkoa, anadhaniwa kuwa atazitafuta.

Hatua sahihi mbele ya kisanduku kitupu ina sehemu mbili. Kwanza hutazamwa kama swali liliulizwa, kwa kuwa jambo lisiloulizwa haliwezi kusemwa kuwa halikutajwa na wahojiwa, na ukimya wa namna hiyo ni wa mwongozo wa mahojiano wala si wa watu. Pili, iwapo swali liliulizwa, nakala zote husomwa upya kwa kutafuta jambo hilo katika maneno mengine. Katika mahojiano haya swali liliulizwa, na usomaji wa pili ulileta kitu ambacho misimbo ilikuwa imekipita. Akina mama watano walitaja kuwa mbali, lakini mbali waliyoizungumzia haikuwa ya kutoka nyumbani. Mmoja alisema: “Hapa nyumbani si mbali. Ila masika tunakuwa shamba, tunalala hukohuko, mpaka tuvune ndiyo turudi.” Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na familia nyingi za Mpanda hulima mahindi au mpunga kwenye mashamba yaliyo mbali na makazi, ambako hujenga vibanda na kuishi kwa wiki au miezi. Mimba inayoanza mwezi Desemba itakuwa imevuka wiki 12 kabla ya mavuno, na wiki hizo 12 ndizo ambazo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unazitaja kuwa kikomo cha hudhurio la kwanza kati ya manane yanayopendekezwa.

Kisanduku kilichoandikwa umbali kilikuwa kitupu kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimesambaa chini ya msimbo mwingine ulioitwa shughuli za kiuchumi, ambao haukupewa dhamira yoyote. Kwa hiyo uhakiki unaotafuta dhamira zisizo na nukuu una kazi ya pili inayoambatana nayo, nayo ni kutafuta nukuu zisizo na dhamira. Mambo hayo mawili hutokea pamoja mara nyingi, kwani mchambuzi aliyeshughulika kujaza jina alilolileta huyaacha bila makazi maneno yaliyokuja bila kualikwa.

Kutafuta anayepinga

Baada ya dhamira kupunguzwa, hutafutwa ushahidi unaoipinga, yaani kisa cha mhojiwa ambaye, kwa mujibu wa dhamira, hakupaswa kuwapo. Katika nakala hizi kulikuwa na mama aliyekuwa ameanza kliniki katika mwezi wa pili wa mimba, naye alikuwa mwenyeji wa siku nyingi, mwenye kuheshimu desturi za kwao na kuzitaja kwa fahari. Muhtasari haukumtaja. Kama mila zingekuwa kikwazo kikuu, mama huyu angekuwa mfano wa kuelezwa kwa uangalifu. Lakini kwa dhamira mpya maelezo yake yalikuwa mepesi, kwa sababu mume wake alikuwa fundi mjini Mpanda, hakwenda shamba msimu huo, na alikwenda naye kliniki asubuhi moja kabla ya kazi. Kisa kimoja hakithibitishi chochote kwa hesabu, ila kinaweza kuonyesha ni maelezo yapi yanayohimili na yapi yanayovunjika.

Ni vyema pia kueleza kile ambacho uhakiki huu hauwezi kukifanya. Wachambuzi wa mahojiano haya walikuwa wamepima ulinganifu wa wasimbaji, yaani kiwango ambacho watu wawili wanaosimba nakala ileile bila kushauriana huchagua misimbo ileile, na walikuwa wamepata ulinganifu mzuri. Walidhani kwamba hilo linazimaliza hoja zote. Lakini wasimbaji wawili waliofundishwa kwa mwongozo mmoja, ambao fasili yake ya mila inasema kwamba ni jambo lolote linalomhusu mume, familia au ukoo, watakubaliana vizuri sana katika kumweka mama aliyehofia kurudishwa na kliniki chini ya mila. Ulinganifu huonyesha kuwa kanuni imefuatwa, nao hauwezi kuonyesha kuwa kanuni yenyewe ni sahihi. Ndiyo sababu uhakiki wa fasili hufanywa kwa kuuliza, kwa kila msimbo, ni maneno ya aina gani yanayotolewa nje yake. Fasili isiyo na kitu inachokikataa humeza kila kitu.

Upande wa pili, si kila dhamira halali huwa na mtu aliyeitamka. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya 2006 ndiyo inayotajwa zaidi na wanafunzi wanaofanya uchambuzi wa dhamira, husisitiza kwamba dhamira hujengwa na mtafiti, na kwamba haijilalii ndani ya data ikingoja kuokotwa. Mhojiwa anaweza asiseme kamwe kwamba anaogopa aibu, ilhali mahojiano yake yote yakazunguka aibu hiyo. Mhakiki anayedai neno lenyewe litamkwe atakuwa amegeuza uchambuzi kuwa utafutaji wa maneno. Anachopaswa kudai ni mnyororo: vipande vionyeshwe, kisha hatua ya kufasiri ielezwe wazi kiasi kwamba msomaji mwingine aweze kuifuata, hata kama mwishowe hataikubali. Vivyo hivyo, dhamira inaweza kuegemea daftari la uchunguzi wa uwandani, kwa mfano jinsi akina mama walivyokaa kwenye foleni, lakini muhtasari useme hivyo badala ya kuandika kwamba wahojiwa walieleza.

Uamuzi na kumbukumbu yake

Kila dhamira iliyohakikiwa ilipewa uamuzi mmoja kati ya minne: kubaki ilivyo, kupunguziwa dai, kugawanywa, au kufutwa. Dhamira ya mila iligawanywa. Vipande vinne vya maneno ya mhojaji viliondolewa. Vinne vya wauguzi vikawa dhamira ndogo kuhusu mtazamo wa watoa huduma. Vitatu vikaunda dhamira ya sharti la mwenza. Na vitatu vikabaki kama usiri wa mimba changa. Dhamira ya umbali ilifutwa, na mahali pake pakaingia msimu wa shamba kwa nukuu za akina mama watano. Neno wengi liliondolewa katika muhtasari wote na idadi ikawekwa badala yake pale ilipokuwa na maana, huku ikielezwa kwamba idadi hiyo ni ya akina mama 16 waliochaguliwa kwa makusudi na wala haiwezi kupanuliwa kuwa asilimia ya kata.

Kwa kila uamuzi liliandikwa jina la zamani, jina jipya, vipande vilivyohamishwa, sababu, na jina la aliyeamua. Yvonna Lincoln na Egon Guba walilieleza hitaji la kumbukumbu ya aina hiyo mwaka 1985 kama njia ya kumwezesha mtu wa nje kukagua safari nzima ya uchambuzi, na orodha ya COREQ ya 2007, yenye vipengele 32 vya kuripoti tafiti za mahojiano na vikundi, inauliza moja kwa moja kama nukuu zimetolewa kuonyesha dhamira, kama kila nukuu ina alama ya mhojiwa, na kama data inalingana na matokeo. Alama ya mhojiwa hudharauliwa, ingawa ndiyo inayoonyesha kwa mtazamo mmoja kwamba nukuu sita zilizopamba ripoti ni za mama mmoja mwenye ufasaha.

Tofauti iliyopatikana haikuwa ya mtindo wa uandishi. Ripoti ya kwanza ilipendekeza kampeni ya kuelimisha jamii iachane na mila potofu, kazi yenye vipaza sauti, fulana na posho, ambayo ingewaelimisha watu juu ya jambo ambalo karibu hakuna aliyelitaja. Ripoti iliyosahihishwa ilipendekeza mambo matatu madogo zaidi: wajawazito waelezwe hadharani kwamba kuja na mwenza ni jambo jema lakini mama aliye peke yake atahudumiwa, huduma ya mkoba, yaani ile inayowafuata watu walipo, ipangwe kuelekea maeneo ya mashamba wakati wa masika, na foleni ya hudhurio la kwanza isitenganishwe kwa namna inayowatangaza walio na mimba changa. Mapendekezo hayo yanaweza nayo kukosewa, lakini kila moja lina mtu wa Misunkumilo aliyelisababisha, na anayetaka kulipinga anajua aanzie nakala ipi.

Kwa hiyo wanaosimamia tafiti za mahojiano, vyuoni na katika halmashauri, wasipokee muhtasari wa dhamira ambao haukuambatanishwa na vipande vyake vyote, vikiwa na swali la mhojaji na alama ya msemaji. Na msomaji wa ripoti anapokutana na sentensi inayosema kwamba jamii inaamini, au kwamba wengi walieleza, ana haki ya kuuliza swali lisilohitaji utaalamu wowote: nani alisema, na alikuwa anajibu nini?